Nani alisema nini? Kwa nini nakala ya mkutano huchanganya wasemaji sauti zinapopandana

Siku hizi vikao vingi vinarekodiwa, kwa simu iliyowekwa mezani au kwa programu ya mikutano ya mtandaoni, na nakala ya mazungumzo inarushwa kwenye kundi la WhatsApp kabla katibu hajaanza hata kuandika muhtasari. Hapo ubishi unaanza. Mjumbe anasoma kwamba ameafiki jambo alilolipinga mbele ya watu wote. Mwingine haonekani popote ingawa alizungumza mara kadhaa. Na kikao cha watu wanne kimetoa nakala yenye wasemaji watano. Wengine wanadai Kiswahili ndicho kinachoishinda programu. Wengine wanashuku kuna mkono wa mtu. Wapo pia wanaoamini kila kilichoandikwa, eti kompyuta haina upande.

Mara nyingi chanzo ni kimoja: palipoharibika ni pale watu wawili walipozungumza kwa wakati mmoja. Ukielewa kinachotokea katika sekunde hizo chache, utajua nakala inaaminika wapi na ni wapi pa kurudi kusikiliza upya.

Kwanza tutenganishe kazi tatu ambazo watu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni unukuzi, yaani kugeuza sauti kuwa maandishi. Ya pili ni upambanuzi wa wasemaji, yaani kujua kipande hiki na kile vimesemwa na mtu yuleyule au na watu tofauti, na vilianza na kuisha saa ngapi. Ya tatu ni utambuzi, yaani kusema kwamba mtu huyo ni fulani, kwa jina lake. Programu nyingi hufanya kazi mbili za kwanza, na ya tatu humwachia binadamu. Ndiyo maana nakala huja na majina kama SPEAKER_00 na SPEAKER_01. Hesabu huanzia sifuri, kwa hiyo SPEAKER_03 ni msemaji wa nne. Lebo hizo hazivuki mipaka ya faili moja pia: SPEAKER_00 wa kikao cha Januari hana uhusiano wowote na SPEAKER_00 wa kikao cha Februari.

Kazi hizi tatu zinaweza kufanywa na programu tatu tofauti. Whisper, programu ya unukuzi ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa mwaka 2022, huandika maneno na nyakati zake lakini haisemi nani kasema. Anayetaka lebo za wasemaji huiunganisha na programu nyingine ya upambanuzi, kisha matokeo ya mbili hizo hulinganishwa kwa saa: neno lililosemwa kati ya sekunde ya 10.2 na 10.6 hupewa msemaji ambaye muda wake unalifunika neno hilo zaidi. Saa za upande mmoja zikiteleza kwa nusu sekunde, neno la mwisho la mtu mmoja huhamia kwa mwenzake. Neno lenyewe linaweza kuwa "sikubali".

Mashine inavyowatenganisha watu

Njia iliyozoeleka kwa miaka mingi huenda hivi. Programu hupita kwenye rekodi ikitafuta palipo na usemi na kuacha kimya, kelele za viti na honi za barabarani. Kisha usemi huo hukatwa vipande vidogo, mara nyingi vya sekunde moja au mbili hivi. Kila kipande hugeuzwa kuwa orodha ya namba, labda 192, labda 512, kutegemea mfumo. Namba hizo zinaeleza sura ya sauti: uzito wake, mlio wake, namna inavyopita kooni na puani. Maneno yenyewe hayahusiki sana. Vipande viwili vya mtu mmoja hutoa orodha zinazokaribiana, vya watu wawili hutoa orodha zilizo mbalimbali. Mwisho programu hukusanya orodha zinazofanana katika mafungu, na kila fungu hupewa lebo.

Kwa hiyo madai kwamba Kiswahili ndicho kinachovuruga lebo hayana msingi mkubwa. Unukuzi ndio unaohitaji kuijua lugha, na hapo kweli Kiswahili cha mitaani chenye Kiingereza ndani yake hutoa makosa mengi. Upambanuzi unasikiliza koo la mtu. Unaweza kukuta programu imeandika maneno vibaya kabisa na bado lebo ziko sawa, au maneno yako sawa na lebo zimeharibika. Ukiona kosa, jiulize kwanza ni la kazi ipi, maana dawa zake ni tofauti.

Sasa angalia njia hiyo inakwama wapi. Imejengwa juu ya dhana kwamba kila kipande kina mtu mmoja. Hata mafunzo yake yalikuwa hivyo. Mkusanyo wa sauti uliotumika sana kuifundisha mifumo hii, uitwao VoxCeleb na uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oxford, unatokana na video za YouTube, nyingi zikiwa mahojiano ya watu mashuhuri, na kila kipande kina jina la mtu mmoja tu. Mkutano wa kijiji au wa chama cha ushirika haufuati adabu hiyo.

Sauti mbili zikiingia pamoja kwenye maikrofoni moja, zinajumlishwa na kuwa wimbi moja. Hapo ni kama chai na maziwa: ukishachanganya, kilichomo kikombeni hakina rangi ya chai wala ya maziwa, na huwezi kunyoosha kidole useme hapa ndipo maziwa yalipo. Orodha ya namba inayotoka kwenye kipande cha namna hiyo haifanani sawasawa na ya msemaji wa kwanza wala ya pili. Programu basi huamua moja kati ya mambo matatu. Hukitupa kipande kizima kwa mwenye sauti kubwa, na mwenzake akapotea. Au hukipeleka kwa mtu wa tatu ambaye sauti yake inakaribiana na ule mchanganyiko. Au huona hapa kuna mtu mpya kabisa, na hapo ndipo msemaji wa tano anapozaliwa katika kikao cha watu wanne. Ukimsikiliza huyo wa tano utakuta ana vipande vifupi vilivyotawanyika, na karibu kila kimoja ni mahali watu walipodakiana.

Sekunde ishirini za kikao

Tuchukue mfano nilioutunga ili hesabu zake ziwe nyepesi. Kikundi cha kuweka na kukopa kinajadili riba ya mkopo wa dharura. Wanaozungumza ni watatu: Mwenyekiti, Mweka Hazina na Katibu. Simu moja imewekwa katikati ya meza.

Kuanzia sekunde ya 0 hadi ya 10 Mwenyekiti anazungumza, na anamalizia hivi: "Kwa hiyo riba ishuke kutoka asilimia 10 hadi 5, tumekubaliana?" Sekunde ya 9, kabla hajamaliza, Mweka Hazina anaingia: "Hapana." Anaendelea hadi sekunde ya 16: "Mahesabu ya mwezi huu hayajafungwa, hatujui mfuko umesimamaje, tusubiri tuone kwanza." Katikati yake, kati ya sekunde ya 12 na 13, Mwenyekiti anaitikia "eeh, eeh". Sekunde ya 14 Katibu naye anaingia na kuzungumza hadi ya 18: "Mwenyekiti, kwa upande wangu, mimi naafiki, ishuke." Sekunde mbili za mwisho ni kimya.

Wataalamu huandika ukweli wa namna hii katika faili la maandishi lenye mstari mmoja kwa kila zamu ya kuzungumza. Namba ya kwanza baada ya 1 ni sekunde ya kuanza, inayofuata ni urefu wa zamu:

```
SPEAKER kikao 1 0.000 10.000 <NA> <NA> mwenyekiti <NA> <NA>
SPEAKER kikao 1 9.000 7.000 <NA> <NA> mweka_hazina <NA> <NA>
SPEAKER kikao 1 12.000 1.000 <NA> <NA> mwenyekiti <NA> <NA>
SPEAKER kikao 1 14.000 4.000 <NA> <NA> katibu <NA> <NA>
```

Mstari wa pili unaanza kabla wa kwanza haujaisha. Faili lenyewe linaruhusu watu wawili kuwa hai kwa wakati mmoja. Tatizo liko kwa mfumo unaolijaza.

Sasa tuseme tumetumia mfumo wa zamani, ule unaotoa lebo moja tu kwa kila sekunde. Umetoa jibu hili: sekunde 0 hadi 10 ni SPEAKER_00, sekunde 10 hadi 18 ni SPEAKER_01. Basi. Katibu alizungumza kwa sauti ya chini na muda mfupi, na nusu ya maneno yake ilifunikwa na Mweka Hazina, kwa hiyo programu haikupata kipande safi cha kutosha kumtengenezea fungu lake. Ikamweka ndani ya fungu la mwenzake.

Programu ya unukuzi nayo, inapokutana na sauti mbili, kwa kawaida hufuata iliyo kubwa zaidi na kuiacha nyingine, na pale zinapokuwa na nguvu sawa inaweza kuruka yote au kuandika kitu ambacho hakuna aliyekisema. Tuseme neno "Hapana" limefunikwa na "tumekubaliana", na sekunde ya 14 hadi 16 imerukwa. Nakala itasomeka hivi:

SPEAKER_00: Kwa hiyo riba ishuke kutoka asilimia 10 hadi 5, tumekubaliana?

SPEAKER_01: Mahesabu ya mwezi huu hayajafungwa, hatujui mfuko umesimamaje, mimi naafiki, ishuke.

Aliyepinga ameandikwa kuwa ameafiki, na aliyeafiki hayupo. Kila neno lililoandikwa hapo kweli lilisemwa ndani ya chumba kile. Hakuna aliyedanganya. Na anayesoma bila kusikiliza rekodi hana sababu ya kushuku, maana sentensi imekaa vizuri, inasikika kama mtu aliyekuwa na wasiwasi kisha akakubali.

Asilimia zinazoficha kosa

Wanaotengeneza mifumo hii hupima makosa kwa muda. Wanajumlisha sekunde za usemi zilizokosekana, sekunde ambazo mfumo umeona mtu na hayupo, na sekunde zilizopewa mtu asiye mwenyewe. Jumla hiyo wanaigawanya kwa muda wote wa usemi.

Katika mfano wetu muda wa usemi ni 10 + 7 + 1 + 4, yaani sekunde 22. Ndiyo, sekunde 22 za usemi ndani ya rekodi ya sekunde 20, kwa sababu palipo na watu wawili kila mmoja anahesabiwa. Zilizokosekana ni nne: moja ya "Hapana", moja ya "eeh, eeh", na mbili za Katibu alipofunikwa. Zilizopewa asiye mwenyewe ni mbili, pale Katibu alipobaki peke yake akisema anaafiki na maneno yake yakaenda kwa Mweka Hazina. Sita kwa 22 ni takriban asilimia 27.

Hata kama mfumo huo ungekuwa hodari kupita kiasi na kumweka kila mtu mahali pake, ungali unatoa lebo moja tu kwa wakati. Sekunde nne za msemaji wa pili, pale sauti zilipopandana, zingekosa mwenyewe vilevile, na kosa lisingeshuka chini ya 4 kwa 22, yaani asilimia 18. Hakuna marekebisho ya mipangilio yanayovuka mpaka huo.

Kuna desturi moja ambayo msomaji wa kawaida hana budi kuijua, kwa sababu inabadilisha maana ya tarakimu zinazotangazwa. Kwa muda mrefu watafiti wengi walipima wakiacha kando sehemu zote ambazo sauti zimepandana, na wakisamehe robo sekunde kila upande wa mpaka wa zamu. Sababu ilikuwa kwamba hata binadamu wawili hawakubaliani sawasawa zamu ilianza wapi. Tukiondoa sehemu zilizopandana katika mfano wetu zinabaki sekunde 14, na kosa ni sekunde mbili tu. Mbili kwa 14 ni asilimia 14. Mfumo uleule, nakala ileile, Mweka Hazina yuleyule aliyegeuzwa kauli, na kosa limepungua karibu nusu. Kwa hiyo ukiambiwa programu fulani inakosea asilimia chache tu, uliza kama sauti zilizopandana zilihesabiwa. Mashindano ya kitaalamu yaitwayo DIHARD, yaliyoanza mwaka 2018, yalikataa misamaha hiyo yote miwili makusudi, na makosa ya mifumo mingi yalionekana makubwa kuliko watu walivyozoea.

Kipimo hicho kina upungufu mwingine ambao binafsi unanisumbua zaidi. Kinapima sekunde, na sekunde zote kwake ni sawa. Kukosa sekunde moja ya "Hapana" ni sawa na kukosa sekunde moja ya "kama nilivyotangulia kusema". Kwenye kikao cha maamuzi hivyo haviwezi kuwa sawa, kwa sababu watu hudakiana hasa pale wanapopinga. Mtu anayetaka kuzuia jambo hangoji mwenzake amalize.

Njia mpya, na mipaka yake

Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya Hitachi ya Japani na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walipendekeza kuiacha dhana ya mtu mmoja kwa kila kipande. Mfumo wao, kila baada ya sehemu ndogo ya sekunde, hujibu swali la ndiyo au hapana kwa kila msemaji peke yake: wa kwanza anazungumza? Wa pili anazungumza? Majibu mawili ya ndiyo kwa wakati mmoja yanaruhusiwa. Hivyo haulazimiki kuchagua mmoja na kumtupa mwingine.

Programu huria inayotumika sana leo, pyannote.audio, iliyoanzishwa na mtafiti Mfaransa Hervé Bredin, inatumia wazo linalokaribiana. Katika toleo la 3.0 la sehemu yake ya kukata usemi, rekodi hupitiwa kwa madirisha ya sekunde 10. Ndani ya dirisha moja inaruhusu wasemaji wasiozidi watatu, na wasiozidi wawili kwa mpigo. Ukihesabu, hali zinazowezekana ni saba: hakuna mtu, wa kwanza peke yake, wa pili peke yake, wa tatu peke yake, wa kwanza na wa pili, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa tatu. Kila mara mfumo unachagua mojawapo ya hizo saba. Baadaye madirisha huunganishwa, na hapo ile njia ya orodha za namba na mafungu inarudi, ili msemaji wa dirisha hili ajulikane kuwa ndiye yule wa dirisha lililotangulia.

Kwa kikao chetu cha sekunde 20 mfumo wa namna hii ungekuwa na nafasi nzuri ya kuona kwamba sekunde ya 9 hadi 10 ina watu wawili. Hilo ni jambo kubwa, lakini tazama limefanya nini na halijafanya nini. Limekuambia nani alikuwa anazungumza. Halijakuambia alisema nini. Maneno ya aliyefunikwa hayarudi kwa sababu lebo yake imerudi, mpaka programu nyingine ijaribu kuzitenganisha sauti hizo kuwa rekodi mbili kabla ya kunukuu, na kazi hiyo kwenye rekodi ya simu moja chumbani kwenye mwangwi bado hutoa maneno yaliyokatikakatika. Na wanne wakipaza sauti pamoja, mipaka ya watatu na wawili imeshavukwa.

Kinachosaidia zaidi hufanyika kabla ya programu kuguswa, yaani wakati wa kurekodi. Maikrofoni mbili zilizo umbali wa sentimita 20 husikia sauti ileile kwa nyakati tofauti kidogo, tofauti isiyozidi sekunde 0.0006 kwa kuwa sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Ni kidogo mno, lakini inatosha kompyuta kujua sauti moja imetoka kushoto na nyingine kulia. Bora zaidi ni kila mtu kuwa na maikrofoni yake. Mkusanyo wa mikutano uitwao AMI, wenye takriban saa 100 zilizorekodiwa Ulaya na vikao vingi vikiwa vya watu wanne, ulifanya yote mawili: kila mmoja alivaa kipaza sauti chake, na mezani kulikuwa na maikrofoni za pamoja. Ndiyo maana watafiti wanaweza kulinganisha mkutano uleule ukisikilizwa kwa karibu na ukisikilizwa kwa mbali, na wa mbali daima ndio mgumu.

Kwenye mikutano ya mtandaoni sauti ya kila mshiriki hufika ikiwa peke yake, kwa hiyo jina hutoka kwenye akaunti bila kubahatisha. Zoom, kwa mfano, ina mpangilio wa kuhifadhi faili la sauti la kila mshiriki kando unaporekodi kwenye kompyuta yako. Lakini akaunti si mtu. Watu watatu wakikaa mbele ya kompyuta moja ya ofisi, wote wanakuwa mtu mmoja kwenye nakala, na mara nyingi anayebeba jina ni yule aliyeingia kwa akaunti yake ingawa hakufungua mdomo. Na wawili wakiwa chumba kimoja kila mmoja na simu yake, maikrofoni ya huyu inanasa na maneno ya yule, na sentensi moja inajitokeza mara mbili kwa majina mawili.

Wapo wanaojaribu kwanza kuisafisha rekodi kwa programu ya kuondoa kelele. Kuwa mwangalifu hapo. Kwa programu kama hiyo, sauti hafifu iliyo nyuma ya sauti kubwa inaweza kuhesabika kelele, na aliyefunikwa akafutwa moja kwa moja. Tunza faili la asili, na unapofika penye ubishi sikiliza hilo.

Kuigundua na kuirekebisha kwa mkono

Huhitaji utaalamu kujua kwamba nakala imepotoka. Linganisha idadi ya lebo na mahudhurio. Tafuta lebo yenye jumla ya sekunde chache tu. Tafuta mtu anayejiuliza swali na kujijibu mwenyewe. Tafuta sentensi inayogeuka mwelekeo katikati, kama ile ya "hatujui mfuko umesimamaje, mimi naafiki". Na kama saa nzima ya mjadala mkali haina hata sehemu moja iliyoonyeshwa watu wawili kwa pamoja, mfumo uliotumika hauna uwezo wa kuonyesha hilo, basi mipaka yote ya zamu ni ya kutiliwa shaka.

Kurekebisha, vaa spika za masikioni na upite sehemu hiyo mara nyingi kadiri ya idadi ya wasemaji, kila mara ukimfuata mtu mmoja tu na kuwapuuza wengine. Ukijaribu kuwaandika wote kwa mpigo, sikio litaenda kwa mwenye sauti kubwa, kosa lilelile la mashine. Programu ya bure ELAN, inayotengenezwa na Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha huko Nijmegen, Uholanzi, inafaa kwa sababu kila msemaji anapewa mstari wake chini ya wimbi la sauti, na mistari inaweza kwenda sambamba. Kwenye karatasi, wanaisimu wa mazungumzo hutumia mabano ya mraba kuonyesha mahali maneno yalipopandana, mtindo uliojengwa na Gail Jefferson. Mfano wetu ukiandikwa hivyo unakuwa:

Mwenyekiti: Kwa hiyo riba ishuke kutoka asilimia 10 hadi 5, [tumekubaliana?]

Mweka Hazina: [Hapana.] Mahesabu ya mwezi huu hayajafungwa, [hatujui] mfuko umesimamaje, [tusubiri tuone kwanza.]

Mwenyekiti: [Eeh, eeh.]

Katibu: [Mwenyekiti, kwa upande wangu,] mimi naafiki, ishuke.

Kila bano lina mwenzake kwa msemaji mwingine, na msomaji anaona nani alimdaka nani. Maneno usiyoyasikia hata baada ya kurudia yaandikwe hayasikiki, pamoja na dakika na sekunde yake, ili mwingine aweze kurudi kuyatafuta. Usiyeweza kumjua aandikwe hajulikani. Taarifa rasmi za Bunge la Tanzania zimelizoea hilo: sauti iliyotoka kwenye viti bila mwenyewe kutambuliwa huandikwa MBUNGE FULANI, na waitikiaji wengi kwa pamoja huandikwa WABUNGE FULANI. Kikundi chochote kinaweza kuandika "Mjumbe" au "Wajumbe" kwa namna hiyohiyo. Ni afadhali mara elfu kuliko kumbebesha mtu kauli kwa kukisia.

Pale wajumbe wanapoulizwa "tumekubaliana?" na chumba kikaitika "ndiyo" kwa pamoja, usijaribu kugawa kiitikio hicho kwa majina, wala usiruhusu programu ikupe lebo moja. Sauti za aina hiyo hazitenganishwi na mfumo wowote unaopatikana kwa rekodi ya simu, na waliokaa kimya hawaonekani. Kama majina ya walioafiki yanahitajika, yachukuliwe kwa kunyoosha mikono palepale kikaoni.

Iliyobaki ni ile "eeh, eeh" ya Mwenyekiti. Mifumo mingi huiacha, na wahariri wengi huifuta kwa kuiona haina uzito. Mimi ningeiacha mahali pake, ndani ya mabano, ikiambatana na neno lililokuwa likisemwa na mwenzake. Ikiwekwa hapo inasomeka ilivyokuwa, kwamba anayeongoza kikao anamsikiliza Mweka Hazina. Ikisukumwa sekunde chache mbele, baada ya "tusubiri tuone kwanza", inakuwa Mwenyekiti amekubali kusubiri. Ikienda mbele zaidi, baada ya "ishuke", inakuwa amepitisha riba ya asilimia 5.